Kosa Sugu la Ulimi Huanzia Sikioni

Katika mikutano ya hadhara ya nchi hii kuna mtihani wa Kiswahili usiotangazwa, na matokeo yake hutolewa papo hapo kwa kicheko. Mtu mzima huomba nafasi, husimama, husema "fitu" akikusudia "vitu", au "nsuri" akikusudia "nzuri", na ukumbi mzima huangua kicheko. Huenda hoja yake ilikuwa nzito kuliko zote zilizotolewa siku hiyo, lakini kinachobaki vichwani mwa watu ni ile f. Akirudi nyumbani hawi amejifunza kutamka v. Amejifunza kunyamaza.

Wengi wetu, walimu na watumishi wa umma tukiwamo, tunashikilia imani mbili kuhusu watu wa namna hii. Ya kwanza ni kwamba ulimi wa mtu mzima umekwisha kukakamaa na haukunjiki tena. Ya pili ni kwamba kumcheka, au kwa walio na adabu zaidi kumrudia neno lake kwa usahihi, ni kumsahihisha. Imani zote mbili hazina msingi, na napenda kuonyesha kwa nini kwa kutumia mfano mmoja wa Kyela, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako kwa wiki nane nilifanya kazi na katibu wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi katika mwalo mmojawapo. Umri wake umekaribia miaka sitini. Jina lake na la mwalo wake nayaacha. Mengine ameniruhusu niyasimulie.

Tuanze na chanzo. Kinyakyusa, lugha ya wenyeji walio wengi wa Kyela na Rungwe, kina f na s, lakini hakina v wala z. Jambo hilo peke yake halielezi usugu wa kosa, maana lugha nyingi hukosa sauti fulani na wasemaji wake hujifunza sauti hizo bila shida kubwa. Shida ya hapa ni udugu. Pale Kiswahili kinaposema "vyangu", Kinyakyusa husema "fyangu". Pale Kiswahili kinaposema "zangu", Kinyakyusa husema "syangu". Kiambishi cha ngeli ambacho kwa Kiswahili ni "vi-", kwa Kinyakyusa ni "ifi-". Ni lugha mbili za ukoo mmoja zilizogawana urithi, moja ikabaki na sauti yenye mtetemo, nyingine na sauti isiyo nao.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka saba aliyekutana na Kiswahili darasani, katika zama ambazo nyumbani na ziwani kilisemwa Kinyakyusa pekee. Mwalimu anasema "vyangu". Sikio la mtoto halikusikia sauti mpya. Lilisikia "fyangu" ya mama yake ikisemwa na mtu mwenye lafudhi ngeni, likaipokea na kuihifadhi mahali palepale palipokuwa na f. Mtaalamu wa fonetiki James Flege amelieleza jambo hili kwa miaka mingi: sauti ngeni kabisa humshtua msikilizaji, naye huiundia nafasi yake, sauti inayofanana na ya nyumbani hupita mlangoni bila kuulizwa jina. Ndiyo maana nasema kosa hili halikuanzia ulimini. Lilianzia sikioni, na ulimi umekuwa ukitii kwa uaminifu kile ambacho sikio liliuambia.

Mwaka 1972 mwanaisimu Larry Selinker aliyapa makosa ya namna hii jina linalotokana na visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mimi nayaita makosa sugu. Jina la visukuku lina uzuri wake, lakini linatufanya tudhani kwamba kilichogeuka jiwe hakiwezi kuwa hai tena. Usugu unatukumbusha jambo lingine: ugonjwa huwa sugu baada ya kupewa kwa muda mrefu dawa isiyoufaa.

Katibu wetu alipewa dawa hiyo kwa karibu miaka hamsini. Kila siku alisema "wafufi", na kila siku wenzake mwaloni walimwelewa. Hakuna usipa aliyechupa kutoka wavuni kwa sababu ya f. Kosa lisilomgharimu mtu chochote halina sababu ya kuondoka. Na mara chache lilipomgharimu, gharama ilikuja kwa sura ya kicheko, ambacho humwambia mtu kwamba amekosea bila kumwambia amekosea wapi, wala mdomo wake ungefanya nini tofauti. Zingatia pia kwamba katika daftari la kikundi, ambalo huliandika yeye, hakuna v hata moja iliyoandikwa f. Anakijua Kiswahili, tena vizuri. Asichokuwa nacho ni sikio la kutenga sauti mbili.

Mtu atauliza: kama anaeleweka, kwa nini asumbuliwe? Swali ni la haki, na kwa makosa mengi ya matamshi jibu langu ni kwamba asisumbuliwe. Muktadha huokoa maneno mengi. Ukisema "fiatu fyangu", hakuna atakayedhani unazungumzia kitu kingine zaidi ya viatu. Lakini muktadha hushindwa pale maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti yanapoishi mahali pamoja. Na ufukweni mwa ziwa ndipo yanapoishi "kuvua" na "kufua".

Mwaka mmoja kikundi kilikubaliana kufunga kwa muda sehemu ya mdomo wa mto ambako samaki huzaliana. Katibu akapita na kipaza sauti kutangaza kwamba ni marufuku kuvua mahali hapo. Kilichotoka katika kipaza sauti kilikuwa "kufua". Kesho yake kina mama waliozoea kufulia pale walihama na mabeseni yao huku wakinung'unika, na wavuvi wawili wageni wakaendelea kutega nyavu kwa amani. Walipokamatwa walijitetea kwamba tangazo walilisikia vizuri: lilihusu nguo. Shauri lilifika ofisi ya kijiji, likaamuliwa kwa vicheko, na tangu siku ile katibu aliacha kusoma taarifa za kikundi mbele ya watu. Alimwachia kijana asomaye haraka lakini asiyejua historia ya mgogoro wowote wa mwalo ule. Hapo ndipo gharama halisi ilipo. Mtu anayejua zaidi alikaa kimya, na asiyejua akasema kwa v safi.

Niliombwa nisaidie. Sharti langu lilikuwa moja: tutashughulikia v peke yake. Yako mengine ambayo mwalimu mwenye haraka angeyashika, kama r yake iliyolegea kuelekea l, kosa ambalo linavuka mipaka ya Kyela na limeenea nchini, na ambalo wakati wa uchaguzi huwafanya watu wapige "kula". Tuliyaacha yote. Anayesahihishwa mambo matano kwa wakati mmoja hupata kelele tu, na hawezi kujua ni lipi kati ya hayo matano alilopatia.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima. Nilimrekodi kwa simu kwa dakika kumi akieleza jinsi usipa wanavyovutwa kwa taa usiku, kisha nikaandika kila neno lililopaswa kuwa na v na jinsi lilivyotoka. Kazi hii huchosha, lakini bila hiyo mwalimu hutibu ugonjwa asioujua. Ilinifunulia mambo mawili. Kwanza, kosa halikuwa sawa kila mahali. Katika "mvua" na "mvuvi", v yake ilikaribia kuwa sahihi, kwa sababu m inayotangulia hutetemesha koo na mtetemo ule humwagikia sauti inayofuata. Pili, mahali pabaya kuliko pote palikuwa viambishi, ile "vi-" na "vy-" ya upatanisho. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kiambishi cha mwanzo hutamkwa upesi bila nguvu. Juu ya hayo kimefungwa moja kwa moja na "ifi-" ya nyumbani. Nikajua kwamba tutaanzia kwenye "mvua" na kumalizia kwenye "vyombo vyote vilivyovunjika".

Hatua ya pili ilikuwa sikio, na kwa wiki mbili sikumwomba atamke chochote. Nilikusanya jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu: vua na fua, vuka na fuka, vaa na faa, vuja na fuja, vuma na fuma. Niliwarekodi watu sita tofauti wakiyasema: wanawake kwa wanaume, mzee mmoja na mtoto mmoja, baadhi yao watu wa pwani na baadhi vijana wa hapohapo Kyela waliokulia katika Kiswahili na ambao v huwatoka bila shida, jambo linaloonyesha kwamba haya hayana uhusiano na damu. Wingi wa sauti ni wa lazima. Anayefunzwa kwa sauti ya mtu mmoja hujifunza kumtambua mtu yule, hajifunzi kuitambua v. Watafiti waliowafunza Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza walitumia wasemaji wengi kwa sababu hiyohiyo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha jambo la kutia moyo zaidi: waliofunzwa kusikia tu, bila kufunzwa kutamka, matamshi yao nayo yaliboreka.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Kwenye meza tuliweka kipande cha wavu upande mmoja na kipande cha sabuni upande mwingine. Simu inasema neno, naye anagusa: wavu kama amesikia "vua", sabuni kama amesikia "fua". Aliambiwa hapohapo kama amepatia au amekosa, na akikosa neno lilirudiwa mara mbili kabla ya kuendelea. Maneno arobaini kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, jioni kabla ya mitumbwi kuingia majini. Siku za mwezi mpevu, taa zisipofaa kitu na wavuvi wa usipa wakipumzika, tulikaa zaidi. Siku ya kwanza alipata ishirini na mbili kati ya arobaini, yaani kama mtu anayerusha sarafu. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hawa watu wanasema neno lilelile." Hakuwa anatania. Ni ushahidi bora wa jambo ninalolisema. Mtu huyu alikuwa amechekwa miaka yote hiyo kwa tofauti ambayo hakuwahi kuisikia hata siku moja. Kufikia mwisho wa wiki ya pili alikuwa akipata thelathini na tano na zaidi.

Hatua ya tatu ilikuwa mdomo. Vitabu vya sarufi husema kwamba v na z ni sauti ghuna, na f na s si ghuna. Maana yake ni nyepesi: meno na midomo hukaa vilevile, tofauti ni kama nyuzi za sauti kooni zinatetemeka au zimetulia. Weka vidole kooni, vuta "ffff", kisha "vvvv". Kwenye v utahisi mtikisiko, kama paka aliyelala. Katibu aliweka vidole, akavuta v, na koo likabaki kimya. Alikuwa akivuta f kwa nguvu zaidi. Hili ni kosa la kawaida sana la wanafunzi, na mwalimu asiyelijua husema "ongeza nguvu", jambo linalozidisha f.

Kilichotusaidia kilitoka Kinyakyusa chenyewe. B ya Kinyakyusa, kama katika "abandu", yaani watu, hailipuki kama b ya Kiswahili. Ni laini, midomo hukaribiana bila kufungana na koo hutetemeka wakati wote. Nilimwomba aseme "abandu" polepole na kuikalia ile b. Koo likatikisika. Nikamwomba, bila kuzima mtikisiko, auvute mdomo wa chini hadi uguse meno ya juu. V ikatoka. Alinyamaza kidogo, akarudia, akacheka mwenyewe. Sauti aliyoambiwa maisha yake yote kwamba hana, nusu yake ilikuwa imo katika lugha ya mama yake, na nusu ya pili ilikuwa f yake ileile. Tulichofanya ni kuziunganisha.

Kisha nikampa kipimo cha kujipima bila mimi. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne. Nikamwambia auimbe wimbo wowote kwa kutumia "vvvv" badala ya maneno. F haiwezi kubeba wimbo. Ukiteleza kuingia kwenye f, tuni hukatika na kubaki pumzi. Alifanya hivyo akitengeneza nyavu, na kila tuni ilipokatika alijua bila kuambiwa. Mrejesho unaotoka kwa mwalimu mara tatu kwa wiki una thamani yake, lakini ule unaotoka kooni mwako mwenyewe mara mia kwa siku ndio unaohamisha mazoea.

Hatua ya nne ndiyo ndefu, na hapa ndipo wenye nia njema wengi hupotea. Mtu akisema "wafufi", sisi wenye adabu humrudia kwa upole kwa neno sahihi na kuendelea na mazungumzo. Kabla hatujabadilisha utaratibu nilimsikia jirani yake akifanya hivyo. Katibu alisema, "Wafufi wote walikuja." Jirani akauliza, "Wavuvi wote?" Naye akajibu, "Ndiyo, wafufi wote." Masahihisho yamepokelewa kama swali na yamejibiwa kwa heshima zote. Roy Lyster na Leila Ranta walilichunguza jambo hili huko Kanada katika madarasa ya watoto wanaosomeshwa kwa Kifaransa, na mwaka 1997 wakaeleza kwamba kurudia kwa usahihi ndiyo njia ambayo walimu waliitumia zaidi kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyofuatwa mara chache zaidi na mwanafunzi kujirekebisha.

Kwa hiyo mimi sikumrudia neno. Niligusa koo langu, basi. Ishara hiyo ilimwambia mambo matatu kwa pamoja: kuna kosa, ni lile tunalolijua, na dawa yake ni mtikisiko. Kulitafuta na kulirekebisha kulibaki kazi yake. Pale ambapo maana ilikuwa hatarini niliuliza swali halisi: "Mzee, wanavua au wanafua?" Akisikia jozi yote miwili kwa mkupuo, sikio lililokwisha kufunzwa lilichagua, na mdomo ukafuata. Tulipanda ngazi kwa utaratibu: neno moja moja, kisha vifungu vifupi kama "vibali vya uvuvi", kisha kusoma daftari kwa sauti, kisha kusimulia bila karatasi. Hatukupanda ngazi mpya kabla ya iliyotangulia kufika maneno tisa sahihi kati ya kumi.

Nyumbani alihitaji mtu wa kugusa koo nisipokuwapo. Mkewe alikataa, alisema hawezi kumkosoa mumewe mbele ya wageni. Watoto wake wakubwa wasingethubutu. Akapatikana mjukuu wa darasa la sita, ambaye kwa mila zetu ana ruhusa ya kumtania babu. Kutoka kwake ishara ile haikuwa dharau. Nimeona mipango mizuri ya kufundisha watu wazima ikivunjika kwa kupuuza jambo hili: anayesahihisha lazima awe mtu ambaye masahihisho yake hayamvunjii heshima anayesahihishwa.

Katika wiki ya nne mambo yalionekana kuharibika. Katibu alianza kusema "mgeni amevika" na "navurahi". Mjukuu alidhani babu amerudi nyuma. Kwa kweli hii ni dalili kwamba mpaka wa zamani umevunjika na mpya haujajengwa; mtu ameigundua v na anaimwaga kila mahali. Hatari yake ni kwamba kicheko kikija wakati huu mtu hukimbilia f yake ya zamani, ambako angalau amezoea. Dawa ilikuwa kuacha orodha zenye v tupu. Kila zoezi likachanganya: "wavuvi wamefika", "vifaa vimefichwa", "familia inavua". Baada ya siku kumi hivi umwagaji huo ukapungua wenyewe.

Mwishoni mwa wiki ya nane nilimrekodi tena kwa dakika kumi, mada ileile ya taa na usipa. Alipokuwa akisoma, v zake karibu zote zilikuwa sahihi. Alipokuwa akisimulia, takriban tatu kati ya kila nne. Alipokasirika, akielezea nyavu zilizoibwa, nusu zilirudi kuwa f, na viambishi ndivyo vilivyotangulia kurudi. Huo ndio ukomo wa kazi hii na ni vizuri usemwe wazi. Mazoea ya zamani hayafutwi. Hujengewa jirani mwenye nguvu zaidi, na akili ikielemewa na hasira au haraka, mwenye nyumba wa zamani hufungua mlango. Mjukuu na wimbo vinaendelea na kazi.

Nitasemwa kwamba mtu mmoja si ushahidi. Ni kweli. Lakini si yeye peke yake. Tracey Derwing na Murray Munro, watafiti wa Kanada, waliwahi kufanya kazi na wahamiaji wa asili ya Vietnam na Kambodia waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha madirisha, watu waliokuwa wamekaa nchini humo kwa wastani wa miaka 19. Kwa miezi michache ya vipindi vifupi kazini, usemi wao ulieleweka vizuri zaidi. Lafudhi yao haikuwa imefutika, wala hilo halikuwa lengo. Miaka 19 ya kuishi miongoni mwa wasemaji haikuwa imefanya kilichofanywa na miezi hiyo michache. Kuzungukwa na sauti sahihi hakutoshi. Mtu lazima aonyeshwe tofauti ilipo.

Sasa nirudi kwenye siasa, maana kila suala la matamshi lina swali la nani anapaswa kubadilika. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Mvuvi wa Matema hakuulizwa. Tangu hapo sauti za pwani zimekuwa kipimo, na sauti za bara kichekesho. Wakati huohuo ofisa aliyehamishiwa Kyela anaweza kukaa miaka ishirini akiita wilaya yake mwenyewe "Kiela", akiigawa vipande silabi ambayo wenyeji huitamka kwa pigo moja, na hakuna anayemcheka. Mto ambao wenyeji wanauita Lufilyo umeandikwa Lufirio katika ramani na nyaraka kadhaa, r ikiwa imetiwa katika lugha isiyokuwa nayo. Hayo nayo ni makosa sugu ya watu wazima, yenye chanzo kilekile sikioni. Yanatofautiana na ya katibu kwa jambo moja: waliyoyafanya wana mamlaka.

Kwa sababu hiyo natenganisha mambo mawili. Lafudhi ni alama ya mtu alikotoka, na hakuna ofisi yenye haki ya kuidai iondolewe. Msikilizaji mwenye nia huzoea lafudhi ngeni upesi kuliko msemaji anavyoweza kuibadilisha, na mtumishi wa umma analipwa, pamoja na mengine, kusikiliza. Lakini pale sauti inapobadilisha maana, na mwenye sauti hiyo mwenyewe akataka kuihama, anastahili msaada wa kweli: sauti moja kwa wakati mmoja, sikio kabla ya ulimi, ishara badala ya kurudiwa neno, faragha kabla ya hadhara.

Ewe ofisa unayeongoza mkutano wa kijiji, hutakuwa na wiki nane. Unayo sekunde tano. Mtu akisema jambo ambalo f yake imelitia utata, muulize kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza tarehe: "Umesema kuvua au kufua?" Umelinda kumbukumbu za mkutano, umempa mrejesho unaoelekea hasa palipo na kosa, na umemwachia nafasi ya kumaliza hoja yake. Ukumbi ukianza kucheka, nyamazisha ukumbi.